Simu ni ya 5G, Mbona Kioo Kinaonyesha 4G?

Mwanzoni mwa mwaka 2019 baadhi ya wateja wa kampuni ya AT&T ya Marekani walikuta simu zao zimepanda daraja. Juu ya kioo, pale palipozoeleka kuandikwa LTE, sasa paliandikwa 5G E. Hawakuwa wamenunua simu mpya wala kubadilisha laini. Simu zenyewe hazikuwa na chipu ya kizazi cha tano, na mnara uliokuwa ukizihudumia ulikuwa wa kizazi cha nne, ila umeboreshwa. Kilichobadilika ni sasisho la programu lililoiambia simu ichore alama nyingine. Washindani walikuja juu. Sprint ilifungua kesi Februari 2019, ikaisha kwa maelewano miezi miwili baadaye, na Mei 2020 bodi inayopitia malalamiko ya matangazo ya biashara ikapendekeza jina hilo liache kutumika kwenye matangazo. AT&T ilikubali kuliondoa kwenye matangazo. Kwenye vioo vya simu ikaliacha.

Kisa hicho kinafaa kukumbukwa na yeyote anayeikodolea macho kona ya juu ya simu yake. Alama ile haipimi kitu. Ni maandishi yanayochorwa na programu kwa kufuata masharti ambayo kampuni ya simu na mtengenezaji wameyakubali, na masharti hayo hayafanani kutoka kampuni moja hadi nyingine.

Afrika Mashariki kilio ni cha upande wa pili. Vodacom Tanzania iliwasha 5G Septemba 2022. Safaricom, iliyokuwa ikifanya majaribio tangu 2021 Nairobi, Kisumu, Kisii na Kakamega, ikaanza kuiuza rasmi Kenya Oktoba 2022. Tangu hapo maduka ya Kariakoo na ya Luthuli Avenue yamejaa maboksi yaliyoandikwa 5G kwa herufi kubwa. Mteja anaongeza pesa, anatia laini, na kioo kinamwonyesha 4G. Akirudi dukani anaambiwa atembee kidogo, itakuja. Na kweli huja: anafungua video, 5G inajitokeza, anaiweka simu mfukoni, akiitoa tena inaonyesha 4G. Hapo anaanza kushuku kwamba ameuziwa simu feki.

Mara nyingi simu ni nzima na muuzaji hakusema uongo. Simu inaonyesha 4G kwa sababu, wakati huo, kweli iko kwenye 4G. Ili kuelewa kwa nini, inabidi kuutazama mtandao katika sehemu zake mbili.

Sehemu ya kwanza ni redio: antena zilizo juu ya mnara na mitambo inayozunguza na simu kwa mawimbi. Ya pili mteja haioni. Ni kitovu cha mtandao, yaani kompyuta zilizo kwenye vituo vya kampuni, ambazo huitambua laini, huangalia kama ina bando, hukumbuka simu iko eneo gani ili ikipigiwa ipatikane, kisha hupitisha data kwenda kwenye intaneti. Kila kizazi cha simu kina redio yake na kitovu chake. Kizazi cha nne kina vyake viwili, na cha tano vilevile.

Shirika la 3GPP, linaloandika viwango vya mitandao ya simu duniani, lilipofika kwenye kizazi cha tano lilikubali kuvitenganisha vitu hivyo viwili. Desemba 2017 lilikamilisha kwanza kanuni za redio mpya inayoegemea kitovu cha zamani. Huo ndio mtandao tegemezi, unaoandikwa NSA kwenye maelezo ya simu. Kanuni za mtandao unaojitegemea, SA, wenye redio ya 5G na kitovu chake chenyewe, zilifuata Juni 2018. Kampuni za simu ndizo zilizotaka NSA itangulie. Kujenga kitovu kipya ni kazi ya miaka, na kila moja ilitaka kutangaza 5G mapema iwezekanavyo. Kwa njia ya NSA waliweza kufunga antena mpya kwenye minara iliyopo, wakaboresha programu za kitovu cha 4G, wakaanza kuuza. Korea Kusini ilipofungua huduma kwa wateja wa kawaida Aprili 2019 ilikuwa kwa njia hiyo, na sehemu kubwa ya dunia ikafuata.

Katika NSA, 5G ni kama mpangaji aliyepewa chumba kwenye nyumba ya 4G. Chumba chake ni kikubwa na kipya, lakini mlango wa mbele, kengele na funguo ni vya mwenye nyumba. Kila anayekuja kumwona mpangaji hana budi kwanza kubisha hodi kwa mwenye nyumba.

Tuifuate basi simu moja mtaani. Imo mfukoni, kioo kimezimwa. Katika hali hiyo haina mazungumzo na antena ya 5G hata kidogo. Inausikiliza mnara wa 4G peke yake, ikisubiri kuitwa. Antena ya 5G inaweza kuwa hapohapo juu ya mnara huohuo, hatua hamsini kutoka aliposimama mwenye simu, na bado simu haiishughulikii. Hakuna kilichoharibika: NSA imeandikwa hivyo, kwamba usajili, kuitwa na kuhama kutoka mnara hadi mnara ni kazi za 4G. Wahandisi huiita 4G hiyo nanga.

Mwenye simu anaitoa na kufungua video. Simu inaomba njia ya data kutoka mnara wa 4G, inapewa, na video inaanza kushuka kwa 4G. Mnara unaona kuna mzigo wa maana, unaitazama orodha ya uwezo ambayo simu iliutumia, unaona kwamba simu hii inajua 5G. Unaiagiza ipime mawimbi ya 5G ya jirani. Simu inapima na kurudisha jibu. Mawimbi yakifika kiwango ambacho kampuni imekiweka, mnara wa 4G unawasiliana na mtambo wa 5G, unaandaa njia ya pili na kuiamuru simu iishike. Kuanzia hapo simu ina miguu miwili, mmoja kwenye 4G na mwingine kwenye 5G, na data inapita kwenye yote miwili au zaidi kwenye ule mpya. Safari yote hii huchukua muda mfupi kuliko kuisimulia. Mteja huona tu 4G ikigeuka 5G baada ya video kuanza.

Video ikiisha, mnara unasubiri sekunde kadhaa. Ukiona kimya, unauondoa mguu wa 5G, kwa sababu kuushikilia bure kunakula betri ya simu na nafasi ya mtambo. Simu inarudi kwa 4G peke yake. Kwa hiyo mtu anayeitazama simu yake ikiwa imetulia ili aone kama kuna 5G anaitazama wakati ule ambao mtandao tegemezi hauna sababu ya kuitumia 5G.

Sasa, kioo kiandike nini katika dakika hizo za ukimya? Watengenezaji na kampuni za simu walilijadili jambo hili hata kabla ya minara kuwashwa, na chama chao, GSMA, kikaorodhesha namna nne zinazojulikana kwa herufi A hadi D. Namna A ni kali: alama ya 5G inaonekana tu mguu wa 5G ukiwa umeshikwa kweli. Namna D ni ya ukarimu. Mnara wa 4G hutangaza mawimbini, kwa kila simu iliyo karibu, alama ndogo ya ndiyo au hapana inayosema kama mnara huo unaweza kushirikiana na 5G. Kwa namna D, simu ikiisikia hiyo ndiyo, inaandika 5G papo hapo, hata kama eneo aliposimama mtu halina mawimbi ya 5G kabisa na data yote inapita kwa 4G. B na C ziko katikati. Zinataka simu iwe angalau imeyanusa mawimbi ya 5G.

Ndiyo maana wawili wanaweza kukaa meza moja, simu zao ni za aina moja na laini ni za kampuni mbili, mmoja akaonyesha 5G asubuhi hadi jioni na mwingine 4G, halafu huyu wa 4G akapakua faili haraka zaidi. Wa kwanza anasomewa tangazo la mnara, wa pili anaonyeshwa hali halisi ya dakika ile. Kwa maoni ya mwandishi huyu, namna A inamheshimu mteja zaidi, lakini ndiyo inayoijaza simu ya huduma kwa wateja malalamiko.

Hayo ni ya simu iliyotulia. Ipo hali nyingine inayoudhi zaidi: video inashuka, mzigo ni mkubwa, na bado 4G haibanduki. Hapo mnara umeshindwa kuongeza mguu wa pili, na sababu ya kwanza ya kuchunguza ni nguvu ya simu yenyewe. 5G ya mjini hutumia sana masafa ya karibu na megahezi 3500, huku 4G ikiwa kwenye 1800 au hata 800. Kadiri masafa yanavyopanda, ndivyo ukuta wa zege na vioo vya majengo mapya vinavyoyazuia. Mnara una nguvu ya makumi ya wati na zaidi, na antena zake huyaelekeza mawimbi kama boriti, kwa hiyo sauti yake huingia ndani ya nyumba. Simu huzungumza kwa takriban sehemu moja ya tano ya wati. Tena katika masafa hayo kutuma na kupokea hupokezana kwenye njia moja, na muda mwingi umepewa kupokea, kwa sababu watu hupakua kuliko wanavyotuma. Matokeo yake ni kwamba simu inausikia mnara vizuri ilhali mnara hauisikii simu. Kwenye ukingo huo, mguu wa 5G hushikwa, hukatika, hushikwa tena, hadi mnara unaamua kuuacha. Atakayesogea dirishani anaweza kuona alama ikibadilika mbele ya macho yake.

Sababu ya pili imejificha ndani zaidi. Kampuni huwa na 4G kwenye masafa kadhaa kwa pamoja, na si lazima yote yawe nanga. Tuseme nanga imewekwa kwenye megahezi 1800. Mtu akiingia ndani kabisa ya jengo, simu yake hukimbilia 800 kwa sababu ndiyo inayopenya. Akiwa pale, 4G ni imara, mistari ya mtandao imejaa, lakini masafa aliyoyashika hayana kamba inayoiunganisha na 5G. Simu nayo ina mipaka yake. Kujua masafa ya 5G na kujua masafa ya 4G hakutoshi. Lazima chipu na antena zake ziwe zimeandaliwa kuyatumia mawili hayo kwa wakati mmoja, na kila jozi huandikwa peke yake kwenye orodha ya uwezo. Simu iliyotengenezwa kwa ajili ya soko la nchi nyingine yaweza kuwa na vipande vyote na isiwe na jozi inayotakiwa hapa.

Kwamba nanga inaweza kuizuia 5G iliyopo kulionekana wazi zaidi Marekani, kwa kampuni ya T-Mobile. Kampuni hiyo iliweka 5G kwenye megahezi 600, masafa ya chini sana, ambayo hapo kale yalikuwa ya televisheni. Mawimbi yake huenda mbali vijijini na hupenya kuta. Lakini mtandao ulikuwa NSA, na nanga yake ilikuwa 4G ya masafa ya kati, yasiyofika mbali kiasi hicho. Kuzunguka kila mnara kukawa na mduara mdogo wa nanga ndani ya mduara mkubwa wa 5G. Aliyekuwa kwenye mduara wa ndani aliipata 5G. Aliyesimama kati ya miduara hiyo miwili alikuwa na mawimbi mazuri ya 5G juu ya kichwa chake, simu yenye uwezo mkononi, na kioo kinachoandika LTE. Hakuwa na nanga ya kumpeleka huko.

Agosti 4, 2020 T-Mobile iliwasha SA nchi nzima. Simu zenye uwezo huo ziliweza kubisha hodi moja kwa moja kwenye redio ya 5G na kusajiliwa na kitovu cha 5G. Kampuni ilisema eneo linalofikiwa na 5G yake liliongezeka kwa asilimia 30. Ongezeko hilo halikutokana na kusimamisha minara mipya. Mawimbi yalikuwepo tangu mwanzo. Kilichoondoka ni sharti la kupitia 4G.

Katika SA, simu iliyotulia mfukoni husikiliza 5G yenyewe, hivyo alama hubaki 5G muda wote bila kujali kama kuna video au la. Hakuna haja ya namna A wala D, maana simu imesajiliwa kwenye 5G na basi. Mizunguko ya mazungumzo kati ya simu na mtandao hupungua, na T-Mobile iliripoti kwamba katika majaribio yake ucheleweshaji ulishuka kwa hadi asilimia 40. Kasi ya kupakua ni habari nyingine. Katika NSA simu hujumlisha njia ya 4G na ya 5G. Ikihamia SA inaiacha ile ya 4G, na kama 5G iliyobaki ni ya masafa ya chini yenye njia nyembamba, kasi inaweza kushuka. Mteja anaweza kabisa kuona alama ya 5G isiyotetereka pamoja na video inayosuasua kuliko jana.

Njia hizi mbili zilipambana waziwazi India. Oktoba 2022 kampuni mbili kubwa za huko zilianza kuuza 5G mwezi mmoja: Airtel kwa NSA, Jio kwa SA. Tofauti hiyo ilikuwa imeshajitokeza kwenye mnada wa masafa uliomalizika Agosti mwaka huo. Jio ilinunua megahezi 700, na hakuna mwingine aliyeyanunua. Aliyeamua kutoegemea 4G alihitaji masafa yake mwenyewe ya kufika mbali na kupenya majengo, kwa sababu 5G yake ikiishiwa nguvu hakuna mwenyeji wa kuishika mkono. Airtel ilikuwa na 4G ya kufanya kazi hiyo, kwa hiyo haikuona sababu ya kulipa.

Upande wa mteja, uamuzi wa Jio ulikuwa na gharama yake. Simu nyingi zilizokuwa mikononi mwa watu zilikuwa na chipu inayoweza SA, lakini programu ilikuwa imeifunga. Watengenezaji huifungulia simu 5G kampuni kwa kampuni, baada ya kupima, na kampuni ambayo haijapimwa hubaki nje hata kama minara yake inawaka. Wamiliki wa aifoni India, wa laini zote mbili, waliona 4G peke yake hadi Desemba 2022, Apple ilipotoa sasisho la iOS 16.2. Aifoni 12, iliyokuwa sokoni kwa miaka miwili, ikapata 5G siku hiyo bila kubadilishwa hata skrubu. Barani Afrika, Rain ya Afrika Kusini ilikuwa imetangulia kwa SA tangu 2020, ikianzia Cape Town, na haikukwama sana kwenye suala la simu kwa kuwa biashara yake ya mwanzo ilikuwa intaneti ya nyumbani. Ruta haihami, iko dirishani, na ni moja inayochaguliwa na kampuni yenyewe.

Kupiga simu kunaleta kitendawili kingine. Katika NSA sauti hupita kwa 4G au hushushwa hadi vizazi vya chini, hivyo alama kubadilika mtu anapoongea ni jambo la kawaida. Lakini hata katika SA hutokea. Kuongea moja kwa moja juu ya 5G ni huduma inayojengwa peke yake, na kampuni nyingi huichelewesha. Mpaka ikamilike, mtu akipiga au akipigiwa, kitovu cha 5G huihamishia simu kwenye 4G kwa muda wa mazungumzo, kisha huirudisha. T-Mobile iliwasha SA mwaka 2020, na sauti juu ya 5G ikaanza Juni 2022, kwa miji miwili tu, Portland na Salt Lake City. Kwa karibu miaka miwili, kila aliyeinua simu kuongea kwenye mtandao wao mpya alirudi 4G.

Mwenye simu ya Android anaweza kuyaona mengi ya haya mwenyewe. Kwenye sehemu ya kupiga namba aandike `*#*#4636#*#*`, kisha achague `Phone information`. Baadhi ya watengenezaji wameifunga menyu hii, na maneno yanaweza kutofautiana kidogo, lakini ikifunguka hutoa mistari kama hii:

```
Data Network Type: LTE
EN-DC Available (NSA): True
DCNR Restricted (NSA): False
NR Available (NSA): True
NR State (NSA): NOT_RESTRICTED
```

NR ndiyo redio ya 5G, na EN-DC ni ule mpango wa miguu miwili. Mistari hii mitano inasimulia hali ya simu iliyotulia chini ya mnara wa NSA. Mstari wa kwanza unasema data iko kwa 4G. Wa pili unasema mnara huu wa 4G unaweza kuwa nanga. Wa tatu, kwamba mtandao haukuizuia laini hii kutumia 5G. Wa nne, kwamba mnara umetangaza ile ndiyo yake. Wa mwisho unasema ruhusa ipo ila mguu haujashikwa. Kioo cha kampuni inayofuata namna A kitaandika 4G hapa, cha namna D kitaandika 5G. Simu ikianza kupakua kitu kizito, mstari wa mwisho unapaswa kugeuka `CONNECTED`, na wa kwanza ukabaki `LTE`. Huo ni mtandao tegemezi ukifanya kazi yake sawasawa. Katika SA mstari wa kwanza wenyewe huandika `NR`.

Uchunguzi unaanza pale mambo yanapokwenda kombo. `EN-DC Available` ikiwa `False`, mnara au masafa yaliyoshikwa hayana uhusiano na 5G. Kutoka nje ya jengo au kusogea mtaa wa pili kunaweza kubadilisha, na simu haina kosa. `DCNR Restricted` ikiwa `True`, mtandao umeinyima laini hiyo: aulizwe mwenye kampuni kama laini imesajiliwa kwa 5G. Kwa SA baadhi ya kampuni hutaka pia kadi mpya, kwa sababu usalama wa 5G huficha utambulisho wa laini kwa njia ambayo kadi za zamani haziwezi. Ikiwa kila mstari unaruhusu lakini mguu haushikwi hata wakati wa kupakua, inabaki kuchunguza mawimbi dhaifu au jozi ya masafa ambayo simu haiijui. Mawimbi dhaifu yatajulikana kwa kusogea karibu na mnara. Jozi isiyojulikana haitabadilika hata mtu akisimama chini ya antena.

Kwenye aifoni menyu hiyo haipo kwa sura hii, lakini upo mpangilio unaosababisha maswali mengi. Ndani ya `Voice & Data` kuna `5G Auto`, `5G On` na `LTE`. `5G Auto` ndiyo inayokuja na simu, na kazi yake ni kurudi 4G kwa makusudi pale ambapo 5G haitaleta tofauti ya kuonekana, ili betri idumu. Mtu akiichagua `5G On` ataiona 5G mara nyingi zaidi na atatafuta chaja mapema zaidi.

Kwa anayenunua simu iliyotoka nje, neno 5G kwenye boksi linathibitisha tu kwamba chipu ipo. Njia ya uhakika ni kutia laini yake mwenyewe palepale dukani, kutoka hadi mlangoni ambako mawimbi hayazuiwi na kuta, kuanza kupakua kitu kizito, na kuusoma mstari wa `NR State` kabla hajalipa. Ukikataa kugeuka, aitie laini hiyohiyo kwenye simu nyingine ya 5G ambayo inajulikana kufanya kazi na kampuni hiyo. Ya pili ikishika na ya kwanza ikakataa, tatizo liko kwenye jozi za masafa au kwenye programu ambayo mtengenezaji hajaifungulia kampuni hiyo. Zote mbili zikikataa, waulizie kama mtaa ule una mnara wa 5G.